Uchunguzi wa hali ya akili: mgonjwa wa faili 0614, kliniki ya afya ya akili, Nairobi

Tarehe: Alhamisi, 12 Juni 2025, saa nne na robo asubuhi
Mchunguzi: afisa wa kliniki, afya ya akili
Kwa: daktari bingwa, kwa ajili ya mzunguko wa Jumatatu

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 26, fundi wa simu katika Barabara ya Luthuli, mkazi wa Kayole, hajaoa. Ameletwa na mama yake na dada yake mkubwa. Nilizungumza naye peke yake kwa takriban dakika 50, kisha na mama na dada kwa ridhaa yake. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili na Sheng, na maneno yake nimeyaandika kama alivyoyatamka.

Barua ya rufaa inasema: "Amechanganyikiwa, mkali, haelewani na mtu, anaona vitu, hana ufahamu wa ugonjwa." Nimeipitia kauli moja baada ya nyingine, kwa kuwa juu ya kauli hizo ndipo ilipoombwa alazwe katika wodi ya kufungwa. Tatu kati ya tano hazikuthibitika leo. Mbili zilizosalia ziliandikwa kwa upana mno kiasi kwamba hazituelekezi popote.

Mwonekano na mwenendo

Mwembamba, urefu wa wastani. Koti zito la mvua limefungwa hadi shingoni ingawa chumba hakikuwa na baridi. Nywele hazijachanwa, ndevu za siku kadhaa, kucha fupi na safi, harufu ya jasho bila harufu ya pombe wala bangi. Aliingia kwa miguu yake, akanisalimu, akachagua kiti cha karibu na mlango. Alinitazama machoni kwa muda mfupi mfupi. Mara tatu aliinua kichwa kuelekea kona ileile ya dari, akatulia kama mtu anayesikiliza. Mara moja midomo ilicheza bila sauti.

Kuhusu "mkali": hakupaza sauti, hakusimama kwa ghafla, hakutishia mtu. Alipoombwa na askari wa lango bisibisi iliyokuwa mfukoni, aliitoa mara moja. Dada anaeleza kwamba ukali ulioandikwa ni wa Jumapili usiku, alipousukuma mkono wa mama aliyekuwa akimzuia kutoka nje. Hakuna aliyeumia. Tukio hilo liandikwe hivyo lilivyotokea, na neno "mkali" lisivukishwe kwenda faili jipya.

Mwendo: mikono haikupunga kawaida alipotembea, na nilipokunja kiwiko cha kulia nilihisi ukakamavu unaokatika katika. Anatumia haloperidoli miligramu 5 mara mbili kwa siku tangu Jumatatu, aliyopewa katika kituo kingine. Hakuwa na mshtuko wa misuli ya shingo wala macho. Hakuwa na ile hali ya kushindwa kutulia kitini.

Usemi

Sauti ya chini, kasi ya kawaida au polepole kidogo, kiimbo kimepungua. Hujibu akiulizwa, mara chache huanzisha neno mwenyewe. Matamshi hayana kasoro. Mama anasema zamani alikuwa "redio ya nyumba".

Hali ya moyo na hisia zinazoonekana

Kwa maneno yake: "Niko tu. Moyo umekauka." Hakukubali neno huzuni nilipompa, akakubali "kuogopa", hasa usiku. Hulala kama saa tatu kwa usiku mmoja.

Hisia usoni zina upana mdogo: alitabasamu mara moja, tuliposema habari za simu iliyotumbukia chooni, na tabasamu lilienda na maneno. Aliposimulia sauti anazosikia uso haukubadilika, ingawa vidole vilikuwa vinasokota zipu ya koti. Siandiki "hisia bapa". Kwanza kwa sababu uso uliweza kubadilika. Pili kwa sababu ukakamavu wa dawa unaweza kuukausha uso wa mtu yeyote, na nikiandika "bapa" leo, atakayesoma baada ya mwezi atadhani ni dalili ya ugonjwa wenyewe.

Mtiririko wa fikra

Hapa ndipo pana kazi. Nilimuuliza kwa nini ameacha kwenda Luthuli. Jibu lake lote:

"Kazi iko, manze. Simu zinaletwa na wasee, wasee wako na laini, laini ni mbili, ya juu na ya chini. Ya chini inapita Kariobangi. Mathe alipika ndengu hiyo siku, na rangi ya ndengu ndiyo ya stima. Sasa ukikata stima, nani analipa?"

Kila sentensi imesimama kisarufi. Kutoka simu hadi laini kiungo kinaonekana. Kutoka Kariobangi hadi ndengu hakuna kiungo ninachoweza kukifuata, na swali halikujibiwa hata niliposubiri. Hivyo ni fikra zinazohama njia. Si mzunguko wa maelezo mengi, maana anayezunguka hatimaye hufika kwenye jibu. Si mbio za mawazo: kasi ilikuwa ya chini, hakuna vina wala mchezo wa maneno, na aliweza kukatizwa. Si maneno yaliyovurugika kabisa. Hali hii ilitokea katika majibu marefu tu. Maswali mafupi aliyajibu sawasawa.

Mara mbili alinyamaza katikati ya sentensi, mara ya kwanza kwa kama sekunde 20. Nilipomuuliza kilichotokea: "Imekatwa. Ilikuwa hapa, ikaenda." Hakukumbuka alichokuwa anasema. Mara ya pili alikuwa ameinua macho kwenye dari, kwa hiyo huenda alikuwa anasikiliza. Nahesabu ile ya kwanza tu kuwa fikra iliyokatika.

Maudhui ya fikra

Imani ya kwamba anafuatiliwa. Ilianza, kwa kauli yake, Jumamosi jioni akisubiri gari la kurudi nyumbani: "Niliona taa moja ya nyuma ya matatu imezima, hapo hapo nikajua wamenichagua. Wananichora tangu hiyo siku." Hakuwa na shaka kabla ya hapo, wala hakufikia hitimisho kwa kupima mambo, maana ilikuja pamoja na kuona. Nilimuuliza kama balbu haingeweza kuungua tu. "Balbu iliungua, hiyo sikatai. Lakini iliungua kwa ajili yangu." Uthabiti ni kamili. "Wao" hawana jina wala sura.

Anaamini pia kwamba mawazo yake yanatoka nje: "Nikifungua simu ya mtu, kile nafikiria kinatoka kwa spika. Wasee wote pale wanasikia." Nilitaka kujua kama anamaanisha watu wanamsoma usoni, jambo ambalo mtu mwenye aibu anaweza kulisema. Alikana: wanasikia kwa masikio. Ndiyo sababu ameacha kazi. Hakueleza kuingiziwa mawazo wala kuendeshwa mwili na nguvu nyingine, na niliuliza yote mawili.

Mama anaamini amerogwa na mshindani wa biashara, na kanisa lao linamwombea. Mgonjwa mwenyewe hasemi hivyo. Ni imani ya familia inayoshirikiwa na watu wengi wanaowazunguka, haimo kwenye orodha ya dalili zake, na sikumbishia mama.

Kujiua na kuumiza wengine: niliuliza hatua kwa hatua. "Kuna saa natamani nisiamke," mara ya mwisho Jumanne usiku. Hana mpango, hana njia aliyoifikiria, hajawahi kujaribu. Kinachomzuia: "Mtoto wa dada ananingoja nimfunze kuchomelea." Hana nia ya kumdhuru mtu aliyemtaja. Bisibisi aliibeba "kama wakikuja".

Utambuzi wa hisi

Husikia sauti mbili za wanaume asiowajua. Zinatoka nje, juu ya dari, na huzisikia kwa masikio akiwa macho kabisa. Hazihusiani na kupitiwa na usingizi. Huzungumza juu yake wao kwa wao: "Ameketi. Sasa anamwangalia daktari. Atadanganya tena." Zipo karibu siku nzima, huzidi jioni nyumba ikitulia, hupungua redio ikiwashwa. Mara mbili zimemwamuru "Toka nje". Ya kwanza hakuitii. Ya Jumapili aliitii, akaonekana na jirani akitembea kando ya Barabara ya Kangundo saa nane usiku. Hazijamwamuru ajidhuru wala adhuru mtu.

"Anaona vitu" haikuthibitika. Nilimuuliza kuhusu watu, wanyama, vivuli na miali, yote alikana. Mama anasema waliandika hivyo kwa sababu alikuwa anakodolea dari. Kosa hili si dogo: kuona vitu kwa ghafla kungetupeleka kwanza kwenye homa, sumu, au kuacha pombe. Hata hivyo joto la mwili lilikuwa 36.8, mapigo 84, shinikizo la damu 118/76, sukari ya kidole kawaida.

Uwezo wa akili

Yu macho, na kiwango hicho hakikupanda wala kushuka kwa muda wote. Anajijua, anajua yuko kliniki na anaijua njia aliyokuja nayo. Alisema ni Jumatano tarehe 11. Mwezi na mwaka sahihi. Kutoa saba kutoka mia: 93, 86, 79, 72, 65, bila kusita. Miezi kinyumenyume alikwama Machi akisikiliza dari, akairudia yote mara ya pili. Maneno matatu (kiatu, mwembe, shilingi) aliyarudia papo hapo; baada ya dakika tano alikumbuka mawili, la tatu kwa kidokezo. Kwa hiyo "amechanganyikiwa" liondolewe.

"Mchumia juani hulia kivulini" alilieleza hivi: "Ukivuna mahindi unaenda chini ya mti." Nimeliandika kwa sababu limeulizwa. Kijana aliyekulia mjini anaweza kukosa methali bila kuumwa, nami silitegemei.

Ufahamu wa ugonjwa na uamuzi

"Hana" haitoshi. Hakubali kwamba sauti ni dalili: "Hao wako." Anakubali kwamba kuna kitu kimebadilika: "Siko fiti, hiyo najua." Kuhusu dawa: "Ya usingizi nitameza. Hii inanikaza mikono sitaki." Kukataa huko kuna sababu inayoeleweka, na inayoweza kutibiwa.

Nilimweleza matibabu, akanirudishia kwa maneno yake, akapima faida na ubaya, akasema anachotaka: kulazwa kwa hiari, iwapo dada atalala naye usiku wa kwanza. Sikuona msingi wa kumlaza bila ridhaa chini ya Sheria ya Afya ya Akili.

Muhtasari wa kitabibu

Saikosisi ya karibuni: sauti zinazozungumza juu yake, imani iliyozaliwa papo hapo na kitu alichokiona, mawazo kutoka nje, fikra zinazohama njia, fahamu zikiwa timamu. Dada anataja bangi karibu kila siku tangu Machi, na kujitenga kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka. Sijaandika skizofrenia, muda wa dalili na mchango wa bangi havijapambanuliwa.

Hatari kwa sasa: kutoka usiku kwa amri ya sauti kando ya barabara yenye magari, na kubeba kitu chenye ncha kwa hofu. Kujiua: matamanio yasiyo na mpango, yaulizwe kila zamu.

Alazwe wodi ya wazi, kitanda karibu na meza ya muuguzi, redio ndogo iruhusiwe. Haloperidoli isitishwe leo hadi daktari bingwa aamue dawa mbadala. Kipimo cha VVU, kaswende, damu kamili, ini, figo, na bangi kwenye mkojo. Ukakamavu, upana wa hisia na mtiririko wa fikra vichunguzwe upya Jumatatu, kwa swali lilelile la Luthuli, na jibu liandikwe neno kwa neno.