Fundi, betri inajizima ikiwa na asilimia 40

Fundi, habari za kazi? Mimi ni yule dada wa Kibaha mwenye simu ya bluu, ulinibadilishia kioo mwezi wa tatu. Nakuja Kariakoo Jumamosi asubuhi na lazima nirudi siku hiyohiyo, ndiyo maana nakueleza mapema ili kama ni betri uwe nayo kabisa. Modeli ipo kwenye picha ya boksi hapo juu.

Betri iliyomo si ya kiwandani. Ilibadilishwa Novemba mwaka jana kwa fundi wa huku, imeandikwa 5000 mAh. Baada ya wewe kuweka kioo ilikaa miezi mitatu bila shida, kwa hiyo sikulaumu wewe.

Ilianza katikati ya Juni. Nilikuwa napiga picha mzigo wa vitenge na fleshi imewaka, chaji asilimia 43, ikazima ghafla. Nikaiwasha, ikafika kwenye nembo tu ikazima tena. Nilipochomeka chaja ikawaka, na ajabu ikaonyesha 41. Mwanzoni ilikuwa mara moja kwa wiki. Sasa ni kila siku, hasa nikipiga picha, nikiwasha tochi au nikipigiwa simu ya video. Nikisoma meseji tu, inashuka taratibu hadi 15 bila kuzima.

Jana nimebonyeza *#*#4636#*#* nikaangalia volti. Ikiwa 40 imetulia inasoma 3.7, nikifungua kamera na tochi inaporomoka hadi 3.3, halafu inazima.

Usiku haili chaji: nalala ikiwa 90, naamka iko 86. Kwa hiyo sidhani kama kuna programu inayoinyonya. Hata hivyo niliiwasha kwa safe mode siku mbili, ikazima vilevile. Kuiflashi sijaiflashi, na tafadhali tusianzie huko, maana picha zote za wateja zimo humo.

Kwenye kuchaji, inajaa kwa saa moja na robo, zamani ilikuwa saa mbili na zaidi. Chaja ni ileile. Nimejaribu ya mdogo wangu na waya mwingine, hakuna tofauti. Tundu la chaji halilegei. Inapata joto la kawaida, si la kuunguza.

Haijaingia maji. Ilidondoka mara moja mwezi wa tano, kutoka kwenye meza, ikiwa na kava.

Kuna kitu kimoja kinanitia wasiwasi. Tangu juzi mfuniko wa nyuma umeachia kidogo upande wa kushoto, ukucha unaingia. Nikiilaza juu ya kioo cha meza inacheza. Nahisi betri imeanza kuvimba, kwa hiyo nimeacha kuichaji usiku na siibonyezi hapo.

Naomba unijibu: betri nzuri ya modeli hii unayo, bei gani pamoja na ufundi, na hadi Jumamosi niendelee kuitumia au niizime kabisa? Nina kiswaswadu cha kupokelea simu.