Kupima ununuzi wa kura Mombasa baada ya uchaguzi wa 2027: sehemu ya mbinu

Utafiti huu unauliza: katika Likoni, Kisauni na Mvita, ni wapiga kura wangapi waliopewa kitu na wagombea, na ni nani wanaoficha zaidi?

Kuuliza waziwazi hakutoshi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamtia hatiani anayetoa na anayepokea, na juu ya hofu hiyo kuna aibu. Kisha kuna jambo la tatu ambalo nililigundua nilipojaribu dodoso Likoni. Mama mmoja muuza viazi karai aliniambia, "Pesa mimi sikupewa, mwanangu. Nilipewa nauli ya feri tu." Feri ya Likoni haimtozi aendaye kwa miguu! Tangu siku hiyo neno "kununua" limetoka kwenye dodoso. Tunataja vitu vyenyewe: pesa, unga, leso, nauli.

Kipimo kikuu ni jaribio la orodha. Wahojiwa watagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza litasomewa mambo manne ya kampeni: gari la vipaza sauti lilipita mtaani kwako, ulipokea ujumbe wa mgombea kwenye simu, ulishikana mkono na mgombea wa ugavana, ulitishwa usiende kituoni. Kundi la pili litasomewa hayo manne pamoja na la tano, "ulipewa pesa, unga, leso au nauli." Mhojiwa atataja idadi tu, si yapi. Wastani wa kundi la pili ukitolewa wa kundi la kwanza, tofauti ndiyo makadirio ya waliopokea. Jambo la kwanza limewekwa kwa kuwa karibu kila mtu atakubali, na la nne kwa kuwa wachache watakubali: mtu akisema "yote" au "hakuna", siri yake imefichuka.

Kundi la kwanza litaulizwa pia swali la waziwazi mwishoni, ili tuone pengo. Nikaragua, baada ya uchaguzi wa mitaa wa 2008, waliokiri waziwazi walikuwa asilimia 2 hivi, ilhali orodha ilitoa asilimia 24.

Ila faragha hii ina gharama, na hapa ndipo rasimu nyingi huteleza. Kwa wahojiwa 1,200, nusu kwa nusu, mkengeuko sanifu ukiwa karibu 1, kosa sanifu ni kama 0.058, yaani, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, makadirio yanaweza kupotoka kwa pointi 11 hivi za asilimia juu au chini. Kulinganisha majimbo matatu kwa sampuli hiyo ni kujidanganya. Nimeomba wahojiwa 3,600. Bajeti ikikatwa, nitabaki na Likoni peke yake.

Wadadisi hawatafanya kazi mtaani kwao. Majina hayataandikwa.

Waliouza kitambulisho ili wasipige kura hawatanaswa na orodha hii, kwani kitendo chao ni kingine. Wao watapata orodha ya pili.