Utaratibu wa Kusikiliza Shauri la Nidhamu kwa Utoro wa Kujirudia

Kiwanda cha Mbao, Mafinga
Kwa: wafanyakazi wote, wasimamizi wa zamu na tawi la chama cha wafanyakazi
Kutoka: Ofisi ya Utumishi
Unaanza kutumika: Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kila mvua za kwanza zinapoanza, zamu za asubuhi zinapungua watu. Tunajua wako wapi: shambani. Hakuna anayekatazwa kulima, na anayeomba ruhusa mapema husikilizwa. Tatizo ni anayepotea bila neno. Msumeno mkubwa hauendeshwi na watu pungufu, kwa hiyo mmoja asipofika wenzake wanakaa huku magogo yanalundikana uwanjani. Hata hivyo hasira ya msimamizi si ushahidi, na hakuna atakayefukuzwa getini kwa mdomo. Utaratibu huu unafuata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007.

1. Shauri linafunguliwa lini

Utoro wa kujirudia ni kukosa zamu bila ruhusa wala sababu inayokubalika, mara tatu au zaidi ndani ya miezi mitatu, baada ya mfanyakazi kuwa amekwisha kupewa onyo la maandishi ambalo bado liko hai. Onyo huishi miezi sita. Likipita hapo halihesabiwi tena, hata kama msimamizi bado analikumbuka vizuri.

Aliyekosekana zaidi ya siku tano za kazi mfululizo anaitwa moja kwa moja, bila kusubiri onyo. Hata huyo anasikilizwa kwanza.

Kabla ya kupeleka jina Ofisi ya Utumishi, msimamizi amuulize mfanyakazi ana kwa ana alikuwa wapi, na aandike jibu alilopewa. Mashauri mengi yanaweza kuishia hapa.

2. Barua ya wito

Wito ni wa maandishi, kwa Kiswahili, na unamfikia mfanyakazi si chini ya saa 48 kabla ya shauri. Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Barua itaje tarehe zenyewe, zamu, saa na mahali pa kusikilizia, vielelezo vitakavyotumika (nakala ziambatanishwe), haki ya kuja na mwakilishi na mashahidi, na adhabu kubwa inayoweza kutolewa.

Tuhuma iandikwe hivi: “Hukufika kazini zamu ya asubuhi tarehe 11, 12 na 19 Novemba 2025, bila ruhusa na bila taarifa.” Isiandikwe: “Wewe ni mtoro sugu.” Sentensi ya kwanza mtu anaweza kuijibu. Ya pili ni hukumu iliyotangulia kesi.

Mfanyakazi anasaini kwamba amepokea, si kwamba amekubali kosa. Akikataa kusaini, barua isomwe mbele yake na shahidi mmoja, kisha shahidi asaini. Asiyeonekana kazini atapigiwa simu kwa namba aliyoandikisha, na barua itapelekwa kwake kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa wake. Shauri litasikilizwa bila yeye kuwepo pale tu itakapothibitika kwamba wito ulimfikia na hakutoa sababu. Akiomba kuahirishiwa kwa sababu ya maana, aahirishiwe mara moja tu.

3. Ushahidi

Mzigo wa kuthibitisha ni wa kiwanda. Mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba si mtoro.

Ushahidi wa kwanza ni kumbukumbu za mashine ya alama za vidole pamoja na daftari la mahudhurio la zamu. Viwili hivi vilinganishwe. Umeme ukikatika mashine hainakili, na kuna vidole ambavyo gundi na vumbi la mbao vimevila alama, mashine haivisomi kabisa. Mwenye vidole vya namna hiyo asaini daftari, na daftari litaaminiwa. Nasi tuliwahi kupoteza shauri kwa uzembe wetu: majina ya waliokosekana yalijazwa jioni kwa kukumbuka, na mmoja wao alikuwa ametumwa stoo mchana kutwa. Tangu sasa daftari linafungwa dakika 30 baada ya zamu kuanza, kwa saini ya msimamizi. Jina lililofutwa au kuandikwa juu ya jingine halitatumika kama ushahidi.

Mfanyakazi anaweza kuleta karatasi ya mapumziko kutoka zahanati au hospitali, barua ya mtendaji kuhusu msiba, ujumbe wa simu aliomtumia msimamizi, au mtu wa kumshuhudia. Karatasi yenye mashaka ihakikiwe ilikotoka kabla ya siku ya shauri. Mwenyekiti wa shauri asiikatae kwa kuitazama tu.

Kuhusu misiba, sheria inatoa siku nne za ruhusa yenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mkubwa na shangazi hawamo katika orodha hiyo, lakini kwetu huku baba mkubwa ni baba, na aliyekwenda kuzika Makete wakati wa masika anaweza kukwama njiani siku nzima. Mwenyekiti apime jambo kama lilivyo. Swali lake kuu liwe hili: je, mtu huyu alishindwa kutoa taarifa, au hakujali kutoa?

4. Mwakilishi

Mfanyakazi ana haki ya kusindikizwa na kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake anayemchagua mwenyewe. Mwakilishi anaruhusiwa kuuliza maswali, kusema kwa niaba yake na kuomba mapumziko mafupi ili watete pembeni. Atalipwa saa alizotumia kama yuko kazini, na hataandamwa kwa alichosema. Anayejieleza vizuri zaidi kwa Kihehe, Kibena au Kikinga atapewa mkalimani.

5. Siku ya shauri

Mwenyekiti ni meneja ambaye hakuhusika na tukio. Msimamizi aliyeripoti ni shahidi, asikae meza ya uamuzi. Afisa Utumishi anasoma tuhuma na kuleta ushahidi, mfanyakazi anauliza maswali, anajitetea, anaita mashahidi wake. Katibu anaandika, anasoma alichoandika kwa sauti, wote wanasaini.

Mwenyekiti akiona kosa limethibitika, asitaje adhabu papo hapo. Kwanza ampe mfanyakazi nafasi ya kueleza ya kumpunguzia: miaka ya kazi, rekodi yake, hali ya nyumbani.

6. Uamuzi wa maandishi

Barua ya uamuzi itolewe ndani ya siku tano za kazi. Iseme tarehe zipi zimethibitika na zipi hazikuthibitika, ushahidi gani umeaminiwa na kwa nini, utetezi umepimwaje, adhabu ni ipi na inaanza lini. “Umepatikana na hatia” pekee haitoshi. Adhabu ni onyo, onyo la mwisho au kuachishwa kazi. Siku ambayo haikufanyiwa kazi hailipwi, lakini faini ya kukata mshahara haipo kiwandani hapa.

Mfanyakazi anaweza kukata rufaa kwa Meneja Mkuu kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi. Aliyeachishwa anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na barua lazima imjulishe hivyo. Malipo yake ya haki na cheti cha utumishi havizuiwi kwa sababu ana mgogoro na kiwanda.

Nakala zimebandikwa getini, kantini na karakana ya misumeno. Asiyesoma aombe asomewe na kiongozi wa tawi au Ofisi ya Utumishi, siku yoyote kabla ya saa 10 jioni.

Afisa Utumishi
Kwa niaba ya Meneja Mkuu