Mwani Usio na Kamba

Picha ilitundikwa nje ya maktaba, utepe wa mshindi wa kwanza pembeni. Bibi mmoja ameinama majini Jambiani, jua linachomoza nyuma yake, mkononi kashika fungu la mwani. Chini, jina la Nassor, wa Kidato cha Tatu kama mimi.

Nilipita pale siku tatu bila kuitazama vizuri. Siku ya nne nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mwani ulikuwa umeota mchangani, shina moja moja, kama mchicha bustanini. Hakuna kamba. Hakuna kigingi hata kimoja.

Mama yangu analima mwani tangu sijazaliwa. Kamba hutandazwa baina ya vigingi, mbegu zikafungwa moja moja kwa taitai, na kila bamvua wanawake hushuka pwani kukaza, kusafisha na kuvuna. Mafundo hayo yamemchana Mama vidole hata kukamua ndimu hawezi.

Nilimkuta Nassor chini ya mkungu, peke yake.

"Yule bibi wa kwenye picha ni nani?"

"Wa Jambiani."

"Jambiani ndiyo kwetu. Mke wa nani, mama wa nani?"

Akafunga daftari taratibu.

"Hayupo, Salma. Niliandika maneno kwenye programu ya akili mnemba, ikanitolea." Akameza mate. "Lakini kwenda nilikwenda, wallahi, mara mbili. Ya kwanza maji yamejaa. Ya pili yamekupwa, nikaona haya kumwomba mtu nimpige picha. Na usiku ule ndio ulikuwa mwisho wa kupeleka."

"Kumwomba mtu uliona haya. Kumtunga hukuona?"

"Watu walilia ukumbini. Wameiona kazi ya mama zetu."

"Mama alikuwemo ukumbini, Nassor. Kiti cha nyuma. Njiani akaniuliza, 'Yule mwenzetu analima wapi, mbona hana kamba?' Nikamjibu labda ni mbegu mpya. Akanyamaza, akawa anajitazama mikono."

Nassor aliinamisha kichwa. Kengele ya mapumziko ikalia, hatukuinuka. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha iliyopinda, nusu nzima mbingu tupu. Kwenye kona, mkono unavuta kamba, maji yanachuruzika, kidole kimoja kimefungwa kitambaa.

"Niliipiga kwa mbali, nikakimbia."

Niliikuza kwa vidole viwili. Mafundo yalionekana, taitai moja imekatika.

"Imeharibika," akasema.

"Imepinda. Ila huyu yupo."

"Utamwambia mwalimu?"

"Utamwambia wewe, leo hii. Mimi nitakusindikiza mpaka mlangoni."

Akasimama, akajikung'uta suruali. Tulipofika penye maktaba akapunguza mwendo.

"Na mama yako je? Nitamwambia nini?"

"Jumamosi ni bamvua, saa nne asubuhi maji yatakuwa mbali. Njoo umwambie mwenyewe. Na uje na viatu vya plastiki, kule kuna miba."