Kastama wangu wa Bombo, bei inapanda Jumatatu

Asalaam aleikum na habari zenu nyote, maafande, walimu, vijana wa steji ya boda, na nyinyi mama wa sokoni mnaotuma watoto kila asubuhi na koini ya mia tano mkononi.

Ujumbe huu nimeuandika mara tatu nikaufuta kwa aibu, sasa basi. Kuanzia Jumatatu chapati itakuwa 700 siyo 500 tena, na roleksi ya mayai mawili inatoka 2,500 inaenda 3,000. Chai ya maziwa na maharage bei ni ile ile.

Makaa ndiyo yananimaliza jamani. Tangu serikali ipige marufuku makaa ya biashara kutoka kaskazini mwaka 2023 sijapumua, gunia nililokuwa nachukua 70,000 sasa naambiwa 110,000 na nusu yake vumbi tupu. Jerikeni ya mafuta ya kupikia ya lita 20 imeongezeka 30,000. Mayai nayo, trei imetoka 11,000 ikafika 14,000, ukiuliza unaambiwa ni transpoti, petroli imepanda, kila mtu anamsukumia mwenzake mpaka inafika kwangu kwenye sigiri.

Kuna mtu alinishauri nipunguze donge, bei ibaki 500, eti hamtajua. Nikajaribu, mnaikumbuka Jumanne ile? Afande mmoja akaishika chapati juu akaniuliza, mama, hii ni chapati au biskuti? Steji nzima wakacheka, na mimi nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri. Siyarudii tena. Heri mnikasirikie kwa bei kuliko kila asubuhi mnipimie chapati kwa macho, donge linabaki lile lile mlilozoea.

Na siwezi kuongelea bei bila kusema asante. Mwaka 2020 wakati wa kafiu, boda haziruhusiwi kubeba abiria, kibanda nafunga mapema, nyinyi ndio mlikuwa mnanipigia simu mama leta kumi, mama leta ishirini, wengine mkanitumia hela ya wiki nzima mbele kwa mobaili mani na hata sikuwa nimekanda unga. Hela ile ndiyo ililipa nyumba yangu miezi ile, sijasahau hata mmoja.

Kwa hiyo najua 700 itasumbua chenji, ukichukua chapati tatu nipe 2,000 tu. Walimu wenye oda ya kila siku shuleni, bei yenu ya zamani inabaki mpaka mwisho wa temu, tulishakubaliana na mimi sigeuki katikati. Wenye deni kwenye daftari mtalipa kwa bei ya siku mliyokula, ila mlipe kweli, mnajijua na kurasa zenu ninazijua.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi sigiri itakuwa imewaka.

Ni mimi wenu,
Mama Chapati, kibanda cha bluu karibu na steji