Geji 28

Saumu aliligundua kosa saa nne usiku, chumbani kwake Makorora, akijaza ripoti ya wiki. Daftari lake lilisema: Mzee Bakari, bati 120, mita tatu, geji 28. Nakala ya oda aliyoituma Dar ilisema geji 30, bati jembamba zaidi. Mstari wa juu yake ulikuwa wa mteja wa Muheza, na huyo kweli aliagiza 30. Mkono ulikuwa umerudia tarakimu ileile.

Mzee alikuwa amelipa shilingi 32,000 kwa kila bati. Bei ya 30 ni 26,000. Hiyo ni laki saba na elfu ishirini, na ofisini ingeonekana kama salio la mteja mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe. Zilibaki siku kumi na moja. Yeye mwenyewe alikuwa na wiki ya tatu tu kazini, bado yuko kwenye majaribio.

Hakulala vizuri. Kilichomnyima usingizi zaidi ni kauli ya Mzee juzi, mzigo uliposhuka: bati arobaini zinakwenda Sahare, kuezeka madrasa. Sahare ni baharini. Pale upepo wa chumvi unakula bati nene, sembuse jembamba. Na bati likishatobolewa na msumari halirudi kiwandani.

Saa moja na nusu asubuhi alishuka kwenye bajaji Ngamiani, mbele ya duka. Kirikuu kilikuwa kimeshapakiwa, vijana wanafunga kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Umekuja kuchukua oda nyingine?"

"Hapana, mzee. Naomba gari lisiondoke kwanza."

Mzee Bakari aliweka chini kikombe cha kahawa. Saumu alikuwa amepanga maneno njia nzima, ila yalitoka yaliyo mafupi zaidi.

"Bati hizi si geji 28. Ni 30. Niliandika vibaya mimi. Si kiwanda, si dereva. Wewe umelipa bei ya 28."

Mzee hakujibu. Alikwenda kwenye kirikuu, akawaamuru vijana wafungue kamba, akavuta bati la juu. Alilishika kwa ncha za vidole, akalitikisa. Liliyumba likapiga kelele nyembamba, kama sinia tupu. Akaligeuza, akasoma maandishi yaliyopigwa mgongoni, taratibu, miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Miaka ishirini na sita nauza bati," alisema. "Nimepokea mzigo huu kwa mikono yangu na sikugeuza hata moja. Unajua kwa nini? Kwa sababu risiti yako ilisema 28."

"Najua, mzee. Nisamehe."

"Msamaha subiri. Sheikh ameshachangisha watu. Fundi yuko juu ya kenchi sasa hivi ananingoja. Nimwambie nini?"

Saumu hakuwa na jibu la hilo, na hakulitafuta. Alitoa simu, akampigia bosi wake, akaweka sauti ya nje ili Mzee asikie. Alieleza vilevile, bila kupunguza. Upande wa pili palikuwa kimya muda mrefu, mpaka muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe.

"Zimetumika ngapi?" bosi aliuliza.

"Hakuna hata moja."

"Zisiguswe. Lori la Alhamisi litaleta 28 na kuondoka na hizo. Gharama ya gari tutaizungumza mimi na wewe, Saumu. Njoo na nakala zote."

"Nitakuja."

Simu ilikatika. Mzee Bakari alimpigia fundi, akamwambia ashuke mpaka Ijumaa, na posho ya siku mbili ataitoa yeye. Saumu akasema posho hiyo aikate kwake. Mzee alimtazama.

"Kamisheni yako ya mzigo huu ni kiasi gani?"

Akamtajia.

"Basi imekwisha yote kwenye lori. Posho ya fundi niachie mimi, madrasa ni yetu sote." Hakutabasamu alipolisema hilo. Sauti yake bado ilikuwa na hasira, na Saumu aliona ni haki yake.

Vijana walishusha bati moja moja, wakazipanga pembeni, mbali na zile za kuuza. Saumu alivua viatu virefu akashika upande wa pili. Arobaini zilipokwisha, viganja vyake vilikuwa na mistari myekundu.

Mzee alimwita mezani. Alichukua kitabu chake cha oda, akaandika upya kwa mkono wake, herufi kubwa, kisha akakigeuza kumwelekea.

"Soma kwa sauti."

"Bati 120. Mita tatu. Geji 28."

"Tena."

Akasoma tena. Mzee akamsogezea kalamu atie sahihi.