Ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha ripoti ya uwandani

Iringa,
5 Mei 2026.

Mkuu wa Idara ya Jiografia,
Kampasi ya Iringa.

Kupitia: Mhadhiri wa kozi ya Mbinu za Utafiti wa Uwandani.

Ndugu Mkuu wa Idara,

YAH: KUOMBA KUONGEZEWA SIKU 10 ZA KUWASILISHA KAZI YA KOZI KWA SABABU YA KUUGUZA MAMA MZAZI

Tafadhali husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ripoti yangu ya uwandani kuhusu kilimo cha vinyungu wilayani Kilolo, yenye alama 20 kati ya 40 za kozi, inatakiwa Ijumaa tarehe 8 Mei. Naomba niiwasilishe Jumatatu tarehe 18 Mei, bila kukatwa alama za ucheleweshaji.

Jumamosi tarehe 18 Aprili, nikiwa Kilolo na daftari langu la mahojiano, jirani yetu alinipigia simu kutoka nyumbani, karibu na Kiwira, wilayani Rungwe. Mama alikuwa ameanguka jikoni asubuhi ile. Mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu, na alipojaribu kusema, maneno hayakutoka. Alipelekwa hospitali ya wilaya, na siku hiyohiyo akapewa rufaa kwenda Mbeya. Madaktari walithibitisha kuwa ni kiharusi. Niliondoka Iringa kwa basi la usiku, nikafika wodini Jumapili alfajiri.

Baba yetu alishafariki. Mdogo wangu yuko bwenini, kidato cha pili. Mama mdogo, ambaye ndiye ndugu wa karibu aliyebaki, alikuwa Mbarali kwenye mpunga, na mtoto mchanga mgongoni. Kwa hiyo niliyekaa na mama kwa siku zote 12 ni mimi. Kila aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kiharusi anajua kazi yake: kumgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia, kumlisha uji kijiko kimoja kimoja akiwa ameketishwa wima, na kungoja ameze kabla ya kuongeza mwingine. Wauguzi walinifundisha yote hayo kwa uvumilivu mkubwa, lakini wao walikuwa na wagonjwa wengine wengi. Daftari langu lilikuwa chini ya mto wake muda wote. Nililifungua mara mbili.

Mama aliruhusiwa Alhamisi tarehe 30 Aprili. Nilimfikisha nyumbani, nikamsubiri mama mdogo, naye akafika Jumamosi. Jumapili tarehe 3 Mei nikarudi Iringa. Sasa mama anatamka majina yetu, na atakuwa akihudhuria mazoezi ya viungo kila wiki akisindikizwa na mama mdogo. Sitahitaji kuondoka tena kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula.

Kuhusu ushahidi, nimesoma mwongozo wa idara yetu. Unataka nyaraka zenye tarehe, saini na mhuri wa aliyezitoa, na zionyeshe siku zilezile ambazo mwanafunzi anasema alizuiwa. Unasema pia kwamba ujumbe wa simu, picha, kuharibika kwa kompyuta na kukatika kwa umeme havipokelewi peke yake. Nimeambatisha nakala ya fomu ya rufaa ya tarehe 18 Aprili, na fomu ya kuruhusiwa ya tarehe 30 Aprili. Hizo mbili zinathibitisha ugonjwa wa mama, lakini hazisemi lolote kuhusu mimi. Kwa sababu hiyo nilimwomba muuguzi kiongozi wa wodi aniandikie barua kwamba mimi ndiye niliyekuwa muuguzaji wa mgonjwa huyo tangu tarehe 19 hadi 30. Alikubali, akaandika, akagonga mhuri. Nimeweka pia tiketi mbili za basi, ya kwenda na ya kurudi.

Kuna jambo moja ambalo lisipoelezwa linaweza kuleta mashaka. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa mama ameandikwa kwa jina lake la kilugha na jina la babu yangu mzaa mama. Hospitali walimwandika kwa jina la ubatizo na jina la marehemu baba, kwa kuwa ndivyo kadi yake ya kliniki inavyosema. Mtu akiziweka karatasi hizo mbili pamoja ataona wanawake wawili. Mtendaji wa kijiji chetu anatufahamu tangu mimi sijaanza shule, na barua yake, yenye mhuri wa ofisi ya kijiji, inaeleza kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kwamba ni mama yangu mzazi, na kwamba hakuna mtu mzima mwingine katika kaya yetu. Iwapo idara itaona barua hiyo haitoshi, niko tayari kula kiapo mbele ya wakili na kuleta hati yake ndani ya wiki hii.

Sikuambatisha picha ya mama akiwa kitandani. Ninazo mbili kwenye simu, nilizopiga ili mdogo wangu amwone. Mama hakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa zipelekwe ofisini, nami nisingependa azikute huko siku moja. Nyaraka halisi zote ninazo, na nitazileta ofisini kwa saa yoyote mtakayonipangia ili zilinganishwe na nakala.

Mhadhiri wa kozi nilimjulisha kwa ujumbe mfupi Jumatatu tarehe 20 Aprili, naye akanielekeza kuandika rasmi nikirudi. Nimeandika kabla tarehe ya mwisho haijapita kwa sababu mwongozo unataka hivyo, na kwa sababu sitaki ombi hili lisomeke kama utetezi wa kazi iliyokwisha kuchelewa.

Kazi yenyewe imefikia hapa: sura ya kwanza na ya pili zimekamilika na nimeziambatisha. Kati ya wakulima 20 niliopaswa kuhoji, nimehoji 12. Wanane waliobaki ndio wenye vinyungu vya chini kabisa bondeni, ambako maji hukaa muda mrefu, na bila wao ripoti itaeleza upande mmoja tu wa bonde. Wakati huu mvua zikielekea ukingoni watu wanaanza kuinua matuta, hivyo nitawakuta shambani. Nahitaji siku tatu Kilolo, siku nne za kuchambua majibu na kuchora ramani, na siku tatu za kuandika na kusahihisha.

Iwapo siku 10 haziwezekani kwa ratiba ya usahihishaji, naomba angalau siku saba, hadi tarehe 15 Mei. Nitahoji wakulima wanne badala ya wanane na kueleza wazi upungufu huo katika sura ya tatu.

Kwa kuwa nimepanga kwenda Kilolo Alhamisi asubuhi, nitashukuru sana nikipata jibu kufikia kesho jioni. Asante kwa kunisikiliza.

Wako mtiifu,

Tusajigwe
Mwanafunzi, mwaka wa pili

Viambatisho: fomu ya rufaa; fomu ya kuruhusiwa; barua ya muuguzi kiongozi wa wodi; cheti cha kuzaliwa; barua ya mtendaji wa kijiji; tiketi mbili za basi; sura ya kwanza na ya pili ya ripoti.